Firefox Peke Yake Imegoma

Bando lipo. Chrome inafungua, Edge inafungua, WhatsApp ya kwenye kompyuta inapokea ujumbe kama kawaida. Firefox peke yake haifungui kitu. Ukiuliza nini kimebadilika tangu jana, jibu la kwanza huwa "hakuna". La pili, baada ya kufikiri kidogo, huwa kwamba antivairasi ilijisasisha usiku, na asubuhi ikaomba kompyuta izimwe na kuwashwa upya.

Hapo hukumu hutoka haraka: Firefox mbovu, ifutwe. Hoja yenyewe inaonekana nzito, maana vivinjari vitatu vikifanya kazi na kimoja kikagoma, nani asiyemjua mkosaji? Lakini hao watatu si mashahidi huru. Chrome, Edge, Opera na Brave vyote vimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, na kwenye kompyuta ya Windows vyote hufuata mipangilio ya mtandao ya Windows na kuviamini vyeti vya usalama vilivyopandikizwa humo. Wanne hao wakikubaliana, ni watu wa nyumba moja wamekubaliana. Firefox ni mgeni katika nyumba hiyo. Tangu enzi za Netscape inatumia maktaba yake yenyewe ya usalama, NSS, ina orodha yake ya vyeti inavyoviamini, na ina ukurasa wake wa mipangilio ya proksi. Antivairasi ikibadilisha jambo upande wa Windows na kusahau upande wa Firefox, atakayekwama ni Firefox hata kama haina kosa lolote.

Ili kuelewa inakwama wapi, tuangalie antivairasi inafanya nini tunapofungua tovuti.

Karibu kila tovuti siku hizi huanza na https. Maana yake ni kwamba data hufungwa kwa siri kuanzia kwenye kivinjari hadi kwenye seva ya tovuti, na aliye katikati haoni kilichomo: si mwenye Wi-Fi, si kampuni ya simu, na wala si antivairasi iliyo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Kwa antivairasi hili ni tatizo, kwa sababu kazi yake ni kukagua kinachoingia. Watengenezaji wengi wameamua kujipenyeza katikati. Kivinjari kinapoomba tovuti, antivairasi inalizuia ombi hilo, inaunganisha yenyewe na tovuti ile, inasoma kinachorudi, kisha inakifunga upya na kukikabidhi kwa kivinjari. Ni kazi ya tarishi anayefungua kila barua, akaisoma, akaitia kwenye bahasha mpya na kuigonga muhuri wake mwenyewe. Barua inafika, ila mwenye barua ataipokea tu kama anautambua muhuri wa tarishi.

Muhuri huo ndio cheti. Kwa kawaida cheti cha tovuti hutiwa saini na mamlaka inayojulikana duniani, kwa mfano DigiCert au Let's Encrypt, na kivinjari kina orodha ya mamlaka hizo. Antivairasi haimo katika orodha. Kwa hiyo siku inaposakinishwa hujitengenezea cheti mama, na kila unapofungua tovuti huandika papo hapo cheti cha tovuti hiyo kilichotiwa saini na cheti mama hicho. Ili vivinjari visishtuke, cheti mama huwekwa kwenye orodha ya Windows, na Chrome na ndugu zake wanaridhika. Tangu 2022 Chrome imeanza kutumia orodha yake yenyewe ya mamlaka za dunia, lakini bado inavikubali vyeti vilivyoongezwa na mwenye kompyuta ndani ya Windows, kwa hiyo kwa jambo hili hakuna kilichobadilika.

Kwa Firefox, antivairasi ilibidi ifanye kazi ya ziada: kukiweka cheti mama hichohicho ndani ya faili la Firefox liitwalo `cert9.db`, lililoko kwenye folda ya wasifu wa mtumiaji. Hapa ndipo masasisho huharibu. Toleo jipya la antivairasi linaweza kutengeneza cheti mama kipya, likakiweka Windows, lakini lisikifikishe kwenye Firefox. Pengine Firefox ilikuwa wazi wakati huo na faili linatumika. Pengine kompyuta ina wasifu zaidi ya mmoja na antivairasi imegusa mmoja tu. Pengine watengenezaji waliamua kuacha kabisa kuligusa faili la Firefox, wakitegemea Firefox yenyewe isome orodha ya Windows.

Tegemeo hilo la mwisho lina msingi. Kuanzia toleo la 68, lililotoka Julai 2019, Firefox ikikutana na kosa la namna hii hujaribu kusoma vyeti vya Windows, na kama tatizo linaisha inaendelea hivyo. Toleo la 120, la Novemba 2023, likaenda mbele zaidi: kusoma vyeti vya Windows ndiyo kawaida tangu mwanzo. Mtu mwenye Firefox ya leo kwenye Windows 11, ambaye hajagusa mipangilio, hukutana na tatizo hili mara chache. Ila Windows 7 bado inafanya kazi katika maofisi na maduka yetu mengi, na Firefox ya mwisho kukubali Windows 7, 8 na 8.1 ni toleo la 115, ambalo lilitangulia mabadiliko hayo ya 120. Wengine nao waliwahi kufuata ushauri wa mtu wakauzima mpangilio huo kwa mkono, wakasahau.

Tuchukue steshenari moja ya kuchapisha, kutoa kopi na kuwajazia wanafunzi maombi ya mikopo. Kompyuta ni ya Windows 7, Firefox ni 115, na nywila zote za kazi zimehifadhiwa kwenye Firefox, ndiyo maana mwenye duka hataki kuhamia kwingine. Antivairasi imejisasisha jana jioni. Fundi anapigiwa simu.

"Fundi, mtandao upo, Chrome inafungua vizuri tu. Firefox ndiyo imegoma."

"Imeandika nini, dada?"

"Maneno mengi ya Kiingereza. Nimefunga."

Maneno hayo mengi ya Kiingereza ndiyo dawa, na watu wengi huyafunga kabla ya kuyasoma. Firefox hutofautisha aina za kushindwa, na kila aina ina ukurasa wake. Akifungua tena, mwenye duka anaona kichwa kisemacho `Secure Connection Failed`, na chini yake, kwa herufi ndogo, `SEC_ERROR_BAD_SIGNATURE`. Hakuna kitufe cha kukubali hatari na kuendelea.

Fundi aliyezoea angetarajia msimbo mwingine. Antivairasi ikiwa haina cheti chochote ndani ya Firefox, kinachoonekana kwa kawaida ni `SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER`, yaani aliyetoa cheti hajulikani, au `MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED`, ambapo Firefox inasema waziwazi kwamba kuna programu iliyoingilia katikati. Hapa msimbo unasema kitu tofauti: jina la mtoa cheti Firefox inalijua, ila saini haifanani na ile iliyo nayo. Mtu amekuja na jina la zamani na mkono mpya.

Kabla ya kugusa Firefox, inafaa kwenda kwenye kivinjari kinachofanya kazi. Kwenye Chrome, fungua tovuti ileile iliyokataa, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, ingia kwenye maelezo ya muunganisho, kisha uangalie cheti. Mstari wa kutazama ni ule wa mtoaji. Tovuti za Google, kwa mfano, zinapaswa kusoma `Google Trust Services`. Ukikuta jina kama `ESET SSL Filter CA`, `avast! Web/Mail Shield Root` au `Kaspersky Anti-Virus Personal Root Certificate`, basi unajua kwamba hata hiyo Chrome inayofungua haiongei na tovuti moja kwa moja. Inaongea na antivairasi. Tofauti ni kwamba yenyewe imekubali muhuri na Firefox imeukataa. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote, kwa sababu hakibadilishi kitu, kinachukua nusu dakika, na kinamtaja mhusika kwa jina.

Dalili nyingine ya kuangalia: baadhi ya programu za ulinzi huziacha tovuti za benki bila kuzikagua, kwa heshima ya siri za fedha. Kama kwenye Firefox benki inafungua lakini Wikipedia haifungui, usihangaike na ruta wala laini ya simu. Mtandao uko sawa. Anayekataliwa ni tarishi.

Turudi steshenari. Ndani ya Firefox, kwenye `Settings`, sehemu ya `Privacy & Security`, chini kabisa kuna `View Certificates`, na ndani yake kichupo cha `Authorities`. Jina la antivairasi limo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema cheti kipo, tatizo ni lingine. Lakini jina si cheti. Ukikifungua, unapata alama yake ya utambulisho, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Upande wa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `certmgr.msc`, fungua `Trusted Root Certification Authorities`, tafuta jina lilelile, na kwenye `Details` usome `Thumbprint`. Angalia usilinganishe visivyolingana: Windows huonyesha alama ya SHA-1, wakati Firefox huonyesha SHA-256 na SHA-1 zote mbili, kwa hiyo linganisha na ile ya SHA-1. Kwenye kompyuta yetu herufi nne za kwanza tu zinatosha kutoa jibu. Ni vyeti viwili tofauti vyenye jina moja. Windows ina kipya, Firefox ina cha zamani, na cha zamani hakiwezi tena kuthibitisha saini zinazoandikwa na kipya.

Tiba inafuata yenyewe. Kwanza futa kile cha zamani kwenye `Authorities` kwa kitufe cha `Delete or Distrust`. Kisha, kwa kuwa hii ni Firefox 115, andika `about:config` kwenye sehemu ya anwani, kubali onyo, na utafute mpangilio huu:

```
security.enterprise_roots.enabled
```

Ukikuta `false`, ubadilishe uwe `true`, funga Firefox yote, fungua tena. Kwenye matoleo mapya huhitaji kuingia huko: palepale karibu na `View Certificates` kuna kisanduku cha kuweka tiki kinachoiruhusu Firefox iamini vyeti vilivyosakinishwa kwenye kompyuta. Njia ya pili inaanzia upande wa antivairasi. Ukiwa umefunga Firefox, ingia kwenye mipangilio ya antivairasi, zima ukaguzi wa HTTPS, hifadhi, kisha uuwashe tena. Programu nyingi zikiwashwa upya namna hiyo husambaza cheti mama upya kila mahali, na safari hii faili la Firefox halijashikwa na mtu.

Ikitokea `cert9.db` lenyewe limeharibika, fungua `about:support`, tafuta mstari wa folda ya wasifu, bofya kitufe cha kuifungua, kisha ufunge Firefox na ulibadilishe jina faili hilo. Firefox itatengeneza jipya. Utapoteza vyeti ulivyoongeza mwenyewe. Nywila hazimo humo. Ziko kwenye `logins.json` na `key4.db`, na hayo mawili usiyaguse.

Sasa utaona kwa nini kuifuta Firefox na kuisakinisha upya, tiba inayopendwa mno mitaani, mara nyingi haisaidii. Kuondoa Firefox kwa njia ya kawaida hakuondoi folda ya wasifu. Unaporudisha programu, inalikuta `cert9.db` lilelile na mipangilio ileile, na tatizo linakusubiri.

Pia utaona ubaya wa kile kitufe cha kukubali hatari na kuendelea, pale kinapojitokeza. Ukikibofya kwa sababu unajua ni antivairasi yako, leo hujadhurika. Kesho uko kwenye Wi-Fi ya hoteli, ukurasa uleule unatokea kwa sababu tofauti kabisa, na mkono umeshazoea.

Cheti si sababu pekee. Ipo nyingine, na ukurasa wake ni tofauti. Firefox ikisema `Unable to connect`, au ikizunguka muda mrefu kisha ikakiri kwamba imesubiri mno, bila kutaja usalama wala cheti, mshuku faiawoli. Programu kubwa za ulinzi huja na faiawoli yao, ambayo hutunza orodha ya programu zinazoruhusiwa kutoka kwenda mtandaoni, na huitambua kila moja kwa mahali lilipo faili lake na kwa sura ya faili lenyewe. Baada ya sasisho, orodha hiyo inaweza kuandikwa upya, au Firefox nayo ikawa imejisasisha siku hiyohiyo na faili lake likaonekana geni. Kama faiawoli imewekwa ikatae kimyakimya bila kuuliza, hutaona onyo lolote. Chrome ina ruhusa, Firefox haina, basi.

Hapa kosa la kawaida ni kuona Firefox imeandikwa "inaruhusiwa" na kuridhika. Angalia njia ya faili. Firefox inaweza kuwa kwenye mojawapo ya sehemu hizi:

```
C:\Program Files\Mozilla Firefox\firefox.exe
C:\Program Files (x86)\Mozilla Firefox\firefox.exe
%LOCALAPPDATA%\Mozilla Firefox\firefox.exe
```

Ya tatu hutokea kwa mtu aliyesakinisha bila ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Ruhusa iliyotolewa kwa njia ya pili haiisaidii Firefox inayoishi kwenye ya kwanza. Ninachopendelea si kurekebisha mstari mmoja mmoja. Ni kufuta kila mstari wa Firefox kwenye orodha hiyo, kufungua Firefox, na kuiacha faiawoli iulize upya au kuiongeza mwenyewe kutoka kwenye faili halisi. Na ukitaka kujaribu kwa kuzima faiawoli kwa muda, jua kwamba baadhi ya programu ukizizima huacha kichujio chao cha mtandao kikiendelea kufanya kazi chini kwa chini. Kuzima kukileta nafuu, umempata mhusika. Kusipoleta nafuu, bado hujamwondolea lawama.

Sababu ya tatu ni nyepesi na hutambulika kwa kusoma tu. Firefox inasema `The proxy server is refusing connections`. Baadhi ya programu za ulinzi hupitisha maombi ya kivinjari kwenye proksi iliyo ndani ya kompyuta hiyohiyo, kwenye anwani `127.0.0.1`. Sasisho likibadilisha mfumo huo na kuiondoa proksi, Windows husafishwa lakini Firefox hubaki na maelekezo ya zamani, ikigonga mlango ambao hauna mtu. Nenda `Settings`, sehemu ya `General`, shuka hadi `Network Settings`. Ukikuta `Manual proxy configuration` yenye `127.0.0.1`, chagua `Use system proxy settings`. Kwenye kompyuta ya ofisi yenye proksi halali ya mwajiri, muulize mtu wa mtandao kabla ya kubadilisha.

Ukikutana na ukurasa unaosema Firefox inashindwa kuipata tovuti, wakati Chrome inaipata, angalia mpangilio wa `DNS over HTTPS`. Firefox inaweza kuuliza anwani za tovuti kwa njia yake yenyewe iliyofungwa, na programu ya ulinzi iliyosasishwa inaweza kuifunga njia hiyo. Uuzime, ujaribu, na kama ndio ulikuwa tatizo uamue baadaye unamwamini nani kutafuta anwani zako.

Haki itendeke pia upande wa pili: wakati mwingine aliyesasishwa ni kivinjari. Mwisho wa Januari 2019, Firefox 65 ilipotoka, watumiaji wa Windows wenye Avast na AVG walijikuta hawafungui tovuti za https. Mozilla ilisimamisha kwa muda kusambaza toleo hilo kwenye Windows, na upande wa antivairasi ukazima ukaguzi wa HTTPS kwa Firefox. Na tarehe 13 Januari 2022 Firefox iligoma duniani kote kwa karibu saa mbili, na antivairasi haikuhusika hata kidogo. Kulikuwa na hitilafu katika namna Firefox ilivyoshughulikia HTTP/3, itifaki mpya ya kusafirisha kurasa, na ikaamshwa na badiliko upande wa seva. Waliofuta antivairasi zao siku ile walizifuta bure. Ndiyo maana kile kipimo cha kuangalia mtoaji wa cheti kwenye kivinjari kinachofanya kazi kinatangulia kila kitu: jina la antivairasi lisipokuwepo, na ukurasa wa Firefox usipotaja cheti, usianze kutafuta vyeti.

Linabaki swali ambalo mwenye duka atauliza akishaona Firefox imefunguka: huu ukaguzi wa HTTPS una faida gani kama unasumbua hivi? Watengenezaji husema unanasa faili baya kabla halijafika kwenye diski, na ni kweli. Lakini faili hilo likifika kwenye diski, antivairasi hulikagua pia pale, na vivinjari vyenyewe vina orodha za tovuti hatari. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, pamoja na wenzao wa Google, Mozilla na Cloudflare, walichapisha uchunguzi wa programu zinazofanya uingiliaji huu. Waligundua kwamba karibu zote zilishusha kiwango cha usalama wa muunganisho, na nyingi ziliongeza udhaifu mkubwa ambao kivinjari peke yake hakikuwa nao. Sababu haishangazi: kukagua cheti vizuri ni kazi ngumu ambayo watu wa vivinjari huifanya kila siku, na antivairasi ikikaa katikati inawanyang'anya kazi hiyo.

Programu zimebadilika tangu wakati huo, na sisemi antivairasi itupwe. Kwa kompyuta ya mtu binafsi au ya duka, mimi ningeuzima ukaguzi wa HTTPS peke yake, nikaacha ukaguzi wa mafaili na faiawoli vikifanya kazi, na sasisho lijalo lisingekuwa na cheti cha kuvuruga. Kwa kompyuta ya ofisi, ambapo ukaguzi huo huenda ni agizo la msimamizi, uamuzi si wa mtumiaji, na tiba ni ile ya Firefox kusoma vyeti vya Windows.

Na kama umefanya yote haya na Firefox bado imenuna, angalia kama kuna antivairasi mbili. Hutokea sana: moja ilikuja na kompyuta kwa majaribio, muda wake ukaisha, ikafutwa kwa `Control Panel`, nyingine ikasakinishwa. Ufutaji wa kawaida unaweza kuacha vichujio vya mtandao vya ile ya kwanza, na sasisho la ya pili linapoingia, viwili hivyo vinagombana juu ya data ileile. Watengenezaji wakubwa hutoa programu maalumu ya kuondoa mabaki ya antivairasi yao. Ipakue kwa Chrome kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, iendeshe, washa kompyuta upya, na uijaribu Firefox kwanza kabla hujasakinisha chochote kingine.